Umeshasaini ofa kwingine? Jinsi ya kuondoa maombi ya kazi kwa sentensi nne, bila kumwaga maisha yako yote

Kila mwaka kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, masika ikiwa imekolea na loji nyingine zimefunga kwa ukarabati, kampuni za utalii na mahoteli ya Arusha na Moshi zinaajiri watu wa kuingia nao msimu wa juu unaoanza mwezi wa sita. Watu wanaaplai sehemu tano sita kwa mpigo, na hamna ubaya wowote hapo. Tatizo linaanza moja ikijibu na mtu akasaini, kwa sababu zile zingine zinabaki hewani. Wengi wananyamaza kabisa mpaka HR anapiga simu siku ya intavyu na hapokei. Wengine wanaandika imeili ndefu kama ushuhuda wa kanisani. Nimesoma rasimu nyingi za hizo imeili watu wakiniomba niwaangalizie, na makosa ni yaleyale, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja.

## Kwanza jua uko kwenye kundi gani

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye bado hajapewa ofa na wale anaowaaga. Labda umetuma CV tu, labda umeitwa intavyu, labda umeshafanya intavyu na unasubiri jibu. Hapo unaondoa maombi, na ni haki yako, hudaiwi kitu na mtu.

Kama wale wengine nao wameshakupa ofa na hujaikubali, hiyo ni kukataa ofa. Barua inafanana ila inabidi ujibu kabla ya tarehe waliyoiweka.

Na kama umesaini sehemu mbili, hapo sasa sio kuondoa maombi tena. Soma mkataba wako kwanza. Ukiwa umeshaanza kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 41, inataka notisi isiyopungua siku 7 ukiwa ndani ya mwezi wa kwanza, na baada ya hapo siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na mkataba wenyewe unaweza kudai zaidi. Usije ukachukua sentensi nne za hapa chini ukazituma kwenye hali hiyo ukadhani umemaliza.

Maombi ya serikalini ya kwenye Ajira Portal nayo siyagusi, yana utaratibu wake. Hapa naongelea kampuni binafsi, mahoteli, shule, hospitali za binafsi na mashirika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaandika

- Ofa mpya iliyosainiwa na pande zote mbili, karatasi au PDF. "Tumekuchagua, njoo Jumatatu" ya kwenye simu haihesabiki.
- Orodha ya kila sehemu uliyoaplai ambayo haijakujibu hapana. Andika jina la kampuni, nafasi, umefikia hatua gani, na mtu uliyewasiliana naye mwisho.
- Ile imeili ya mwisho mliyoandikiana na kila mmoja wao. Itafute sasa hivi, utaijibu hiyohiyo.
- Jina la nafasi kama lilivyoandikwa kwenye tangazo, na namba ya kumbukumbu kama ilikuwepo.
- Simu yenye salio, kwa ajili ya wale ambao intavyu yao ni kesho.

Ile orodha ndo kitu watu wanaruka, alafu wiki tatu baadaye yuko kazini kwa mwajiri mpya, simu inaita kwenye kikao, ni kampuni ya Sakina aliyoisahau kabisa inamuuliza kama bado yuko tayari. Ofisi nzima inasikia.

## Hatua ya 1: Subiri saini, usisubiri zaidi ya hapo

Usiondoe maombi popote mpaka ofa mpya iwe kwenye maandishi na iwe imesainiwa. Sababu ni rahisi tu, ofa ya mdomo inaweza kufa. Bosi anabadili mawazo, bajeti ya msimu inapunguzwa kwa sababu magrupu ya wageni yamekansel, au mwenye kampuni anarudi safari anakuta meneja ameajiri bila kumuuliza. Ukiwa umeshawaaga wengine wote umebaki na hewa.

Kabla hujasaini angalia angalau vitu vitatu viko kwenye karatasi: mshahara, tarehe ya kuanza, na cheo chako. Kimoja kikikosekana, uliza kwanza.

Ukishasaini, siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi andika kwa wale wengine. Hapa watu wanajidanganya, anasema ngoja nione wiki ya kwanza kazini ikoje ndo niwaambie. Sasa kule kwingine kuna mtu anakuwekea nafasi, na kuna mwenzako aliyekuwa namba mbili amekaa nyumbani Majengo anasubiri simu ambayo haiji kwa sababu yako. Na HR akija kusikia kwa watu kwamba uko kazini mwezi mzima, atakukumbuka kwa hilo.

Utajua imekaa sawa: una nakala ya ofa yenye saini mbili kwenye simu yako, na orodha iko mbele yako.

## Hatua ya 2: Mwambie aliyekuunganisha, kabla ya kampuni

Tuongee ukweli, kwa mji kama Arusha au Moshi intavyu nyingi mtu anazipata kwa sababu kuna aliyemtaja. Mjomba anafanya kazi pale, au dada mliyesoma naye chuo alipeleka CV yako mkononi kwa meneja. Huyo mtu ameweka jina lake mezani kwa ajili yako.

Huyo mpigie simu kabla hujatuma imeili yoyote. Akija kuulizwa na bosi wake kwenye korido, "yule mtu wako mbona kajitoa?" na yeye hana habari, umemwaibisha, na siku nyingine hatakushika mkono wala hatamshika mdogo wako.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

> "Shikamoo anko. Anko nimekupigia nikwambie kabla sijawaandikia ofisini kwenu. Nimekubali kazi sehemu nyingine na nimeshasaini. Nakushukuru sana kwa kunipeleka pale, nimeona bora usikie kwangu kwanza."

Atauliza ni wapi. Ndugu yako wa damu unaweza kumwambia, ni uamuzi wako, ila ujue ukimwambia leo saa nne, saa nane ofisi yao inajua. Kama hutaki ijulikane mpaka uanze, sema "nikishaanza nitakuja nyumbani tuongee vizuri anko," na uende kweli.

## Hatua ya 3: Andika sentensi nne

Fungua ile imeili ya mwisho mliyoandikiana na bonyeza `Reply`. Usianzishe imeili mpya, kwa sababu mtu wa HR ana maombi mia na ukija na imeili mpya inayosema "kuhusu ile kazi" hajui wewe ni nani. Usibonyeze `Reply all` isipokuwa wale wengine kwenye nakala walikuwa ndo jopo lako la intavyu. Na tumia anwani ileile uliyoaplai nayo.

Hii ndo barua ya mtu aliyeshafanya intavyu. Ibadilishe nafasi na tarehe tu:

> Ndugu (jina la ukoo),
>
> Habari za kazi.
>
> Naandika kuwajulisha kwamba naondoa maombi yangu ya nafasi ya Ofisa Rizavesheni, ambayo nilifanyiwa usaili tarehe 14 Mei. Nimekubali nafasi nyingine. Nashukuru kwa muda wenu na kwa jinsi mlivyonieleza kazi za idara hiyo kwa kina. Nawatakia kila la heri katika kumpata mtu wa nafasi hii.
>
> Wako,
> (Jina lako kamili)
> (Namba ya simu)

Basi. Kila sentensi ina kazi yake na ndo maana ziko nne.

Ya kwanza inataja kitendo na nafasi kwenye mstari mmoja, ili anayesoma kwa simu akiwa kwenye foleni ya Kijenge aelewe bila kufungua kiambatanisho. Angalia haiombi ruhusa. Ukiandika "naomba kama inawezekana mnisaidie kuondoa" unamwachia mlango wa kukujibu "kwa nini?" na mnaanza maongezi ambayo huyataki.

Ya pili ndo sababu, na ni maneno matatu. "Nimekubali" inaonyesha jambo limekwisha. Ukisema "nimepata sehemu nyingine" wapo watakaoelewa kwamba bado unapima, na watakupigia kukupandishia dau.

Ya tatu ni shukrani, na hapa weka kitu kimoja cha kweli kilichotokea. Walikutembeza loji? Taja. Walikupa muda wa ziada kwa sababu daladala la kutoka Moshi lilichelewa? Taja hilo. Kimoja tu, ukiweka vitatu inaanza kunuka unafiki.

Ya nne inafunga mlango kwa upole.

Kama ulituma CV tu na hamna aliyekupigia, mbili zinatosha: "Naandika kuwajulisha kwamba naondoa maombi yangu ya nafasi ya (jina la nafasi) niliyoyatuma tarehe (tarehe), kwa kuwa nimekubali nafasi nyingine. Nashukuru." Hujakutana nao, usiwashukuru kwa muda ambao hawajakupa.

Tangazo lilikuwa la Kiingereza na mliwasiliana kwa Kiingereza? Andika kwa Kiingereza, mpangilio uleule, urefu uleule. Usitafsiri "habari za kazi," irukwe.

Na kuna mashirika ambayo uliaplai kwa mfumo wao wa mtandaoni, ukiingia kwenye akaunti yako unaweza kukuta kitufe cha `Withdraw`. Kibonyeze, ila mwisho kabisa, kwa sababu mifumo mingi haikurudishi nyuma. Na kama ulishakaa na watu wakakufanyia intavyu, kitufe peke yake hakitoshi, waandikie pia.

Utajua imekaa sawa: ukiisoma kwa sauti inaisha kabla hujavuta pumzi mara ya tatu, na mtu akiipiga skrinshoti akairusha kwenye grupu la maHR wa Arusha huna cha kuogopa.

## Hatua ya 4: Futa, na hapa tukae kidogo

Hatua hii ndo inawashinda watu wengi. Nitumie rasimu ya dada mmoja wa Moshi, nimebadilisha vitu vinavyoweza kumtambulisha. Alisaini kazi ya rizavesheni kampuni moja ya Njiro, na alikuwa amefanya intavyu ya pili kwenye loji. Aliandika hivi:

> Habari za kazi bosi, samahani sana kwa usumbufu nitakaokuletea. Kwa kweli sijalala, nimefikiria na nimemwomba Mungu. Kuna kampuni hapa Njiro imenipa laki nane na nusu na bima ya familia, na ninyi mlisema laki sita, na nina mtoto anasoma na mama yuko Rombo anaumwa. Pia nisiwe mnafiki, siku ya intavyu yule mama wa uhasibu maswali yake hayakunipendeza. Naomba mnisamehe sana, ila kama mtaweza kuongeza tunaweza kuongea. Pia nina rafiki yangu anaweza hiyo kazi, namba yake naweka hapa. Tafadhali CV yangu msiitupe.

Huyu dada sio mjinga, ni mtu mwenye adabu anayeona aibu kuwaangusha watu, na ile aibu ndo inamfanya aongee sana. Twende kipande kwa kipande.

"Samahani sana kwa usumbufu." Hajamkosea mtu. Kujitoa kabla ya ofa ni jambo la kawaida kwa HR yeyote. Ukiomba msamaha mara mbili kwenye barua fupi, anayesoma anaanza kutafuta kosa liko wapi. Samahani ina nafasi moja tu: kama unajitoa saa chache kabla ya intavyu na watu wameshajipanga. Hapo iweke, mara moja.

"Sijalala, nimemwomba Mungu." Ni kweli na ni yake, ila msomaji hana cha kuifanyia. Futa.

"Kampuni hapa Njiro, laki nane na nusu, bima." Hii ndo hatari kuliko zote. Kwanza Njiro na neno rizavesheni vikikaa pamoja, mtu wa utalii anakisia kampuni yenyewe kwa majaribio mawili. Pili umetoa mshahara wa mwajiri wako mpya kwa mshindani wake kabla hujaanza kazi, na wenye kampuni hizi wanajuana, wanakutana KIA wakipokea wageni, wanakutana kwenye maonesho ya Karibu-KiliFair mwezi wa sita. Ukiingia siku ya kwanza bosi mpya anajua kwamba umetangaza anachokulipa. Jina la kampuni, mtaa, kiasi, marupurupu, vyote futa.

"Nina mtoto, mama anaumwa." Ukiieleza familia kwenye barua hii, inabaki kwenye faili lao. Miaka miwili mbele ukiomba nafasi ya umeneja palepale, mtu anafungua imeili ya zamani anasema "huyu ana matatizo ya nyumbani." Sio haki, lakini inatokea. Na kuna upande wa pili wa hili, wale wanaotunga ugonjwa wa mzazi ili waonekane hawana budi. Acha kabisa. Mji mdogo huu, wiki ijayo wanakuona na sare ya kampuni nyingine pale Mnara wa Saa na mzazi wako mzima wa afya.

"Yule mama wa uhasibu." Malalamiko hayaingii kwenye barua ya kuaga. Kama aliulizwa kitu kibaya kweli, mfano kama ana mpango wa kuzaa, hilo linastahili barua yake peke yake kwa mkubwa wa pale. Likichanganywa humu linaonekana ni kisirani tu.

"Kama mtaweza kuongeza." Amesaini! Hapa amegeuza barua ya kuaga kuwa mnada. Wakiongeza kweli atafanyaje? Kama alitaka kupima bei, muda ulikuwa kabla ya saini.

"Nina rafiki yangu." Wazo sio baya, mahali ndo sipo. Mwambie rafiki aaplai mwenyewe. Kubandika namba ya mtu mwingine bila kumwuliza nayo sio vizuri.

"CV yangu msiitupe." Inamfanya aonekane ana mashaka na kazi aliyoikubali. Futa.

Baada ya kufuta vyote, kilichobaki ndo zile sentensi nne za juu. Alizituma saa tatu asubuhi siku ya Jumanne, kabla ya saa tano akajibiwa "Asante kwa taarifa, tunakutakia mafanikio." Mstari mmoja, na ndo jibu zuri kabisa unaloweza kulipata.

Kitu kimoja tu kinaruhusiwa kuongezeka: kama uliacha vyeti halisi kwao. Hapo ongeza sentensi ya tano, "Naomba nipite siku ya (siku) saa (saa) kuchukua vyeti vyangu halisi nilivyoviacha mapokezi." Usiogope kwamba unasumbua, hivo ni vyako.

## Hatua ya 5: Chagua njia na saa ya kutuma

Imeili ndo ya msingi kwa sababu inabaki kama kumbukumbu. Lakini angalia ratiba yako na wao.

Intavyu iko mbele kwa siku mbili au zaidi, imeili inatosha. Tuma siku ya kazi asubuhi. Ijumaa jioni na wikendi epuka, kwa sababu inazama chini ya nyingine na Jumatatu hawajaiona wanakupangia jopo.

Intavyu ni kesho au leo, piga simu kwanza kisha tuma imeili ileile. Wakati mwingine mmoja wa jopo anatoka Karatu au anashuka kutoka kambini kwa ajili yako na wenzako watatu, huwezi kumwachia imeili ambayo ataisoma akiwa ameshafika. Simu iwe hivi:

> "Habari za asubuhi, naongea na (jina)? Mimi ni (jina lako), nilikuwa na usaili kesho saa nne kwa nafasi ya rizavesheni. Napiga kuwajulisha kwamba sitaweza kuendelea, nimekubali nafasi nyingine. Samahani kwa kuwaambia muda umekaribia. Nawatumia na imeili sasa hivi."

Akiwa ni mama au mzee wa rika la wazazi wako, anza na shikamoo, hata kama yeye ndo alikuhoji kwa Kiingereza.

Kama mawasiliano yenu yote yalikuwa WhatsApp, na kampuni ndogo za Moshi nyingi ziko hivo, jibu kwa WhatsApp. Maneno yaleyale, kwenye meseji moja. Usitume vipande vipande "Habari" ... "Samahani" ... "Nilikuwa nataka kusema kitu," mtu anakaa anakuangalia unaandika dakika tano. Voisi noti hapana, haiwezi kutafutwa baadaye na inafowadiwa kirahisi na sauti yako ndani.

Ulipitia wakala wa ajira? Mwandikie wakala, yeye ndo anawapa taarifa. Ukimruka ukaenda kwa kampuni moja kwa moja unamharibia.

## Hatua ya 6: Wakirudi na maswali

Wengi wanajibu mstari mmoja na yanaisha. Wachache wanapiga simu, hasa kama ulikuwa chaguo lao la kwanza. Maswali ni matatu na majibu yake yaandae kabla, maana kwenye simu ndo watu wanamwaga kila kitu walichokifuta kwenye imeili.

"Umepata wapi?"
> "Nikishaanza nadhani mtasikia tu, kwa sasa naomba nisiitaje. Ila nashukuru sana."

"Wanakulipa ngapi?"
> "Hilo naomba niliache hapohapo. Nimeshakubali na nimeridhika."

"Sisi tukiongeza je?"
> "Nashukuru kwa kunifikiria hivo. Nimeshasaini, kwa hiyo sitaweza."

Ukishajibu, nyamaza. Kimya cha sekunde tatu kwenye simu kinauma, na ndo hapo mtu anaanza "unajua kwa kweli ilikuwa..." Usikijaze. Yeye atakijaza.

Akikasirika, na yupo atakayesema umewapotezea muda, usijitetee. "Naelewa, na nashukuru kwa muda wenu" inatosha, kata simu kwa adabu. Hamna cha kushinda hapo.

Wasipojibu kabisa? Kwa CV tupu, sahau, hawatajibu. Kwa intavyu ambayo tarehe imeshapangwa, ukipita siku moja ya kazi bila jibu, piga simu kuhakikisha wameiona.

Utajua imekaa sawa: mazungumzo yameisha ndani ya dakika mbili na hujataja jina la kampuni wala namba yoyote.

## Hatua ya 7: Malizia vitu vidogo

Waambie wadhamini wako, wale uliowaandika mwisho wa CV. Meseji moja inatosha: umekubali kazi, hawatapigiwa tena simu na wale wengine, unawashukuru. Mwalimu wako wa chuo aliyekuwa anasubiri kupigiwa na kampuni nne anastahili kujua apumzike.

Rudi kwenye ile orodha, mbele ya kila kampuni weka tarehe uliyotuma na jibu lililokuja. Imeili zenyewe usizifute.

Sasa itokee ile kitu mbaya, ofa uliyosaini inavunjika kabla hujaanza, labda kampuni imesimamisha ajira. Unaweza kurudi kwa uliowaaga, na hapa ndo utaona faida ya kutowaambia mambo mengi, kwa sababu huna la kurudisha mdomoni. Jibu imeili ileile ya kuaga: "Habari za kazi. Hali yangu imebadilika na niko huru kuanza kazi. Kama nafasi ya Ofisa Rizavesheni bado haijajazwa, ningependa maombi yangu yafikiriwe tena." Mara moja, kwa kila kampuni uliyofika nayo hatua ya intavyu. Wakisema imejazwa, shukuru na uendelee na nyingine kwenye orodha.